Tarehe ya Kurudi

Hapa Galu mimi ndiye "yule aliyeacha chuo", na bado ndiye ninayeletewa barua za chuo. Sina cheti cha kuning'iniza ukutani. Nina laptopu, nina miaka sita ya kuandika kwa malipo, na nimewahi kuiandikia ofisi ya msajili barua nne zangu mwenyewe. Kwa hiyo mzazi akisikia mwanawe amekwama semesta katikati, ataulizia kwetu, njia ya kushuka ufuoni, nyumba yenye mwarobaini.

Barua wanayoitaka ni moja: ya kuomba kuahirisha masomo. Wanafunzi wanasema kudifa. Wengi huja wakidhani ni barua ya huzuni, kwamba mwandishi kazi yake ni kutafuta maneno yatakayomliza mkuu wa kitivo. Kuna kijana alikuja na kurasa nne alizoandika usiku kucha, kuanzia kifo cha babu hadi paa lililovuja. Nilisoma zote. Ukurasa wa nne ulipoisha nilikuwa bado sijui anaomba semesta gani, na anarudi lini.

Barua hii inafanya kazi kama breki. Ukisajiliwa chuoni kuna saa kadhaa zinazotembea kwa pamoja hata kama umelala: karo inahesabiwa, mahudhurio yanahesabiwa, mtihani unakuja na jina lako liko kwenye orodha. Ukinyamaza ukaenda nyumbani, hakuna hata saa moja itakayosimama. Siku ya mtihani utaandikwa hukufika, karatasi ya matokeo itabaki na mashimo, na baada ya muda faili lako litasema umetoroka masomo. Aliyeahirisha na aliyetoroka wanaweza kuwa wamelala nyumba moja, wana shida moja. Kinachowatenganisha ni karatasi yenye tarehe.

Nimeziona barua nyingi, lakini iliyonifundisha zaidi ni ya binti wa jirani yetu.

Alijiunga na chuo kimoja Nairobi Septemba 2023, kundi la kwanza la mfumo mpya wa ufadhili. Ni mfumo ambao serikali inatoa sehemu ya karo kama ufadhili, HELB inatoa sehemu kama mkopo, na familia inabebeshwa sehemu iliyobaki kulingana na kundi iliyowekwa. Mamake anauza samaki wa kukaanga. Walichanga elfu ishirini za kuanzia, na mkopo ulikuwa bado haujaingia. Wiki ya tano akaanza kukohoa. Wiki ya sita akapanda basi la usiku, akashuka Mombasa, akavuka feri, na alipofika Galu mamake akaniambia, "Mwanangu amerudi nguo zinamvaa." Hospitali ya Msambweni wakapima makohozi: kifua kikuu. Tarehe 16 Oktoba akaanza dawa.

Walikuja kwangu wiki hiyo hiyo. Mama alikaa kwenye mkeka, binti akakaa nje barazani kwenye upepo, maana aliambiwa wiki mbili za kwanza ajitenge kidogo na watu.

"Kaka, niandikie kwamba naumwa sana," akasema.

"Hilo daktari ataandika. Wewe niambie, unataka kurudi lini?"

Akamtazama mamake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo.

Kwa hesabu ya kawaida jibu lilikuwa rahisi. Dawa za kifua kikuu cha kawaida ni miezi sita: miwili ya kwanza dawa nne kwa pamoja, minne inayofuata dawa mbili. Kuanzia Oktoba 16, miezi sita inaishia katikati ya Aprili. Semesta ya pili ilikuwa inaanza Januari. Kwa hiyo shangazi yake, ambaye ndiye msemaji wa familia ile, alishaamua: aombe mwaka mzima, apone kabisa, arudi Septemba 2024 aanze upya na kundi la chini yake. Ilisikika kama busara. Tena kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kuanza upya kunaonekana safi, hakuna yuniti za kuvukana.

Mimi nilikuwa na sababu ya kuuogopa ule mwaka, nitaieleza. Lakini hofu yangu haikuwa hoja. Tulihitaji majibu mawili kabla ya kuandika neno lolote: moja kutoka kwa daktari, moja kutoka kwa mwenyekiti wa idara.

Daktari hakuulizwa kama anaumwa. Aliulizwa ni lini ataweza kukaa darasani. Akasema mgonjwa wa kawaida anayemeza dawa zake vizuri, baada ya wiki mbili hivi hatari ya kuambukiza wengine huwa imeshuka sana. Kilichobaki ni mwili kurudisha nguvu na dawa kutokatizwa. Mwisho wa miezi miwili makohozi yatapimwa tena. Yakiwa safi katikati ya Desemba, Januari anaweza kusoma huku akimalizia tembe zake, na kliniki ya Msambweni itamwandikia uhamisho wa kwenda kliniki iliyo karibu na chuo. Kwa maneno mengine, ugonjwa wenyewe ulikuwa unaomba semesta moja tu.

Swali la pili ndilo wengi hawaulizi, na ndilo linaloharibu barua nzuri. Yuniti nyingi za chuo hufundishwa mara moja kwa mwaka. Ukiikosa ya Septemba, Januari haitakuwepo, utaingoja Septemba nyingine. Na baadhi ya yuniti ni ngazi: huwezi kuchukua hesabu ya pili bila ya kwanza. Ndiyo sababu mtu anaomba semesta moja, anapewa, anarudi, halafu anakuta hana cha kusoma ila vipande, na semesta moja imezaa mwaka bila yeye kujua. Haya hayaonekani kwenye fomu. Yanaonekana ukikaa na mtu wa idara na orodha ya yuniti za miaka yote minne.

Binti alimpigia mwenyekiti wa idara simu akiwa barazani kwetu. Mzee wa watu alikuwa muungwana, akaomba dakika kumi, akapiga mwenyewe. Hesabu yake nilishika kalamu nikaiandika nyuma ya bahasha. Semesta ya kwanza ina yuniti sita, zote zimekosekana. Semesta ya pili ina sita, na kati ya hizo mbili zinadai uwe umefaulu mbili za kwanza. Kwa hiyo akirudi Januari 2024 atasoma nne. Chuo chao kinaruhusu yuniti zisizozidi nane kwa semesta. Kozi ni ya miaka minne, kwa hiyo amebakiwa na Septemba tatu: ya mwaka wa pili, wa tatu na wa nne. Kila Septemba achukue sita zake za kawaida na mbili za deni, mara tatu, sita zimeisha. Sharti ni kwamba mbili za mwanzo ziwe zile za ngazi, ili Januari 2025 azichukue zile mbili zilizokuwa zikizingoja. Na sharti la pili, ratiba zisigongane. Akifaulu zote, atamaliza na wenzake.

Yuniti nane kwa semesta si mchezo, hasa kwa mtu aliyetoka kuugua. Mwenyekiti alimwambia hivyo waziwazi, na akamwambia pia kwamba asipoweza, njia ya mwaka mzima ingali ipo. Lakini sasa alikuwa anachagua baina ya vitu viwili anavyovijua. Akachagua Januari.

Barua tuliandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi hizo. Kiini chake kwa Kiswahili kilikuwa hivi:

"Kwa Msajili wa Masomo, kupitia kwa Mkuu wa Kitivo, kupitia kwa Mwenyekiti wa Idara.

KUH: OMBI LA KUAHIRISHA SEMESTA YA KWANZA, MWAKA WA MASOMO 2023/2024

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nambari ya usajili iliyo hapo juu. Naomba kuahirisha semesta ya kwanza kuanzia tarehe 16 Oktoba 2023 kwa sababu ya ugonjwa unaohitaji matibabu ya miezi sita. Ripoti ya daktari imeambatishwa kwenye bahasha iliyofungwa, kwa ajili ya afisa wa matibabu wa chuo.

Nimehudhuria masomo kwa wiki sita na sijafanya mtihani wowote. Kwa mujibu wa daktari ninaweza kurejea masomoni Januari 2024. Naomba kurejea mwanzoni mwa semesta ya pili. Mpango wa yuniti nitakazofidia, uliojadiliwa na mwenyekiti wa idara, umeambatishwa.

Nimelipa shilingi 20,000. Naomba kiasi hicho kihamishiwe semesta ya pili, na nisitozwe karo ya semesta ninayoahirisha.

Naomba jibu kwa maandishi."

Ukurasa mmoja, haujajaa. Mama aliposomewa akauliza, "Mbona hujaandika tunavyoteseka?"

Nikamwambia, "Mama, barua hii itapita mikono mitano. Kila mkono unatafuta mstari wake." Mwenyekiti anatafuta yuniti. Mkuu wa kitivo anatafuta kama mwenyekiti ametia sahihi. Afisa wa matibabu anatafuta jina la daktari na muhuri. Karani wa karo anatafuta kiasi. Msajili anatafuta semesta na tarehe. Huzuni haina karani wake.

Na jina la ugonjwa kuna sababu lilibaki ndani ya bahasha. Kifua kikuu bado kina maneno yake mtaani, na barua ya wazi husomwa na kila aliye na haki na asiye na haki. Lakini kuficha jina kwenye barua si kuwaficha walio hatarini. Alikuwa analala chumba cha watu wanne. Daktari alisisitiza, na binti mwenyewe alipiga simu kliniki ya chuo ili wale watatu wapimwe. Hayo ni mambo mawili tofauti na yanakwenda ofisi mbili tofauti.

Kuna kosa lingine ninaloliona kwa wagonjwa, la kuomba kisicho chao. Anayeugua wiki ya mtihani, baada ya kusoma semesta nzima, kwa kawaida hahitaji kuahirisha. Anahitaji mtihani maalumu, yaani mtihani uleule wafanye baadaye na uhesabiwe kama wa mara ya kwanza. Akiahirisha anatupa wiki kumi na tatu za kazi. Anayeugua wiki ya sita kama binti huyu, mtihani maalumu haumsaidii, hajasoma cha kutahiniwa. Kwa hiyo cha kwanza angalia kalenda: umeshakula semesta kiasi gani? Vyuo huweka pia mwisho wa kupokea maombi ya kuahirisha, kwa kawaida wiki za mwanzo za semesta, na baada ya hapo mlango unaobaki wazi ni wa ugonjwa wenye ushahidi. Tarehe hizo ziko kwenye kitabu cha mwanafunzi, kile ambacho kila mtu hupewa siku ya kujiunga na hakifunguliwi.

Ya pesa ni ngumu kuliko ya ugonjwa. Ugonjwa una daktari. Umaskini hauna mtu wa kuupigia muhuri.

Najua kwa sababu barua yangu ya kwanza ilikuwa ya pesa. Nilijiunga Septemba 2019. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa ajili ya korona, na wiki hizo hizo hoteli za Diani na Galu zikafunga milango. Baba yangu ni mtu wa boti. Anawapeleka wageni kwenye miamba wakati maji yametoka, na maisha yetu yote yamekuwa yakienda na idadi ya wageni ufuoni. Ufuo ulibaki na kaa peke yao. Mwaka wa kwanza niliumalizia kwa simu, nikitafuta mtandao chini ya mwarobaini. Januari 2021 madarasa yalipofunguliwa, baba alikuwa hajaingiza mgeni hata mmoja kwenye boti kwa miezi tisa.

Karo yenyewe ndiyo ilikuwa ndogo. Sisi wa mfumo wa zamani tuliopelekwa na serikali tulilipa shilingi 16,000 kwa mwaka, nane kwa semesta. Kilichonishinda kilikuwa kuishi. Chumba nje ya chuo 4,500 kwa mwezi, miezi minne. Chakula shilingi 200 kwa siku, na hapo umekula kama ndege. Nauli. Jumla kama elfu hamsini kwa semesta, na mkopo baada ya kukatwa karo ulikuwa ukinifikia kama elfu kumi na nane. Nilipoiweka hesabu hiyo kwenye karatasi, mstari kwa mstari, ndipo barua ilipoanza kueleweka. "Sina karo" ofisi inaijibu kwa kukupa wiki mbili zaidi za kulipa. "Nina pengo la shilingi elfu thelathini na kitu, na hizi ndizo sababu" haijibiwi hivyo.

Ushahidi ndio uliosumbua. Mtu aliyefutwa hotelini ana barua ya kufutwa. Baba hakuwa ameajiriwa na mtu, nani amwandikie kwamba amekosa kazi? Barua ya chifu nilipata, na ilisema kama zinavyosema zote, kwamba familia yetu inajulikana na ina uhitaji. Karani wa chuo anaona mamia ya hizo. Iliyosaidia ilitoka kwa kikundi cha wenye boti. Wana daftari la zamu, siku kwa siku nani amepeleka wageni. Mwenyekiti wao alinakili safari za baba kwa Januari na Februari 2020, halafu Aprili hadi Desemba: sufuri, sufuri, sufuri. Akatia sahihi na nambari ya simu. Mkuu wa kitivo alimpigia kweli. Tangu hapo nikiletewa barua ya pesa nauliza: kwenu kipato kinaandikwa wapi? Kuna daftari la maziwa, la samaki, la chama cha akina mama, kuna taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Mahali fulani patakuwa na karatasi.

Na uliza pia kabla ya kuandika kama hii ndiyo dawa. Kuna basari ya kaunti na ya NG-CDF, kuna kulipa karo kwa mafungu kwa maandishi, kuna fedha za dharura kwenye ofisi ya masuala ya wanafunzi kwa vyuo vilivyo nazo. Kuahirisha hakuzalishi pesa. Kunakununulia miezi, na mwisho wa miezi hiyo pengo litakuwa palepale kama hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana barua ya pesa nayo lazima iseme kitakachokuwa tofauti siku ya kurudi.

Sasa ngoja nieleze hofu yangu ya mwaka mzima.

Nilipewa semesta moja. Hoteli hazikurudi haraka, nikaomba kuongezewa, nikapewa hadi Septemba 2021, kisha mara ya mwisho hadi Septemba 2022. Kila barua ilikuwa na sababu ya kweli na kila moja ilijibiwa vizuri. Lakini nyumba haikai na nafasi tupu. Mtoto aliye nyumbani kwa wiki nane ni mgeni wa chuo aliyekuja likizo. Mtoto aliye nyumbani kwa mwaka ana kazi zake: ndiye wa kumpeleka bibi kliniki, ndiye wa kufungua duka, ndiye wa kutuma pesa. Mimi nilianza kuandika kwa malipo, makala za hoteli na vipindi vya redio, na zile pesa zikapata matumizi hata kabla ya kuingia. Ndugu yangu akamaliza kidato cha nne mapema 2022, Septemba hiyo akaitwa chuo. Tulikaa, mimi na baba na mama, tukahesabu. Palikuwa na pesa ya mmoja. Nikaandika barua ya nne, ya kujiondoa.

Sisemi kwa uchungu. Ndugu yangu amesoma, nami naandika. Ila nililiona jambo ambalo hakuna kitabu cha mwanafunzi kinachoandika: barua ya kuahirisha ina wasomaji wawili. Mmoja ni chuo. Wa pili ni nyumba. Chuo kinasoma tarehe ya kurudi ili kijue lini kikuandike tena. Nyumba inasoma tarehe hiyo hiyo ili ijue usipewe majukumu ya kudumu.

Na huyu binti wa jirani, kwenye ule mpango wa mwaka mzima, shangazi alikuwa ameshataja mtu anayepeleka wasichana kazi za ndani Ghuba, "kwa hiyo miezi ya katikati tu". Miezi ya katikati. Mkataba wa kazi hizo kwa kawaida ni miaka miwili. Mama alipouliza kwa nini nang'ang'ania Januari, sikuwa na haja ya kubishana na shangazi. Nilimwonyesha ile bahasha yenye hesabu ya mwenyekiti. Mama hajui kusoma Kiingereza lakini Januari anaijua.

Kupeleka barua si kuwa likizo. Binti aliituma kwa baruapepe ofisi zote tatu siku moja, na rafiki yake akapeleka nakala za karatasi, akarudi na nakala moja iliyopigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hiyo nakala ndiyo mali. Kisha jibu likakawia. Kwa wiki mbili barua ilikaa kwa mkuu wa kitivo, ikimsubiri afisa wa matibabu, ambaye alikuwa hajaletewa bahasha yake. Tulijua kwa kuuliza ofisi moja baada ya nyingine: "Imetoka kwako tarehe ngapi, kwenda kwa nani?" Ukiuliza "barua yangu imefikia wapi" utajibiwa "inashughulikiwa".

Jibu lilikuja Novemba. Tulilisoma kama mkataba: semesta sahihi, tarehe ya kurejea sahihi, karo imehamishwa. Halafu tukaangalia kama hali yake imebadilishwa kwenye tovuti ya wanafunzi ya chuo. Haikuwa imebadilishwa. Haya yalinikuta na mimi chuoni kwetu, ambako mwaka 2021 nilitozwa karo ya semesta niliyokuwa nimeruhusiwa kukaa nyumbani, na deni lile halikuondolewa hadi nilipoonyesha barua ya jibu. Ofisi ya barua na ofisi ya karo si ofisi moja. Ukiona umetozwa, andika wiki hiyo hiyo na uambatishe jibu, maana deni likifunga mwaka ni kazi kulitoa. Nakala ya jibu aliipeleka pia dawati la HELB kwenye Huduma Centre ya Mombasa. Mkopo ni deni, na hela ya kujikimu ikikuingilia ukiwa nyumbani huisha kama zawadi lakini hulipwa kama mkopo, na riba yake ya asilimia nne kwa mwaka.

Katikati ya Desemba makohozi yalikuwa safi. Tarehe nane Januari alivuka feri na begi moja, karatasi ya uhamisho wa kliniki, na tembe za kumfikisha miadi yake ya kwanza huko. Alisoma yuniti nne. Septemba iliyofuata alichukua nane na akanipigia simu kulalamika, kwamba ratiba imegongana siku ya Jumatano na mwenyekiti mpya wa idara hajui habari ya mpango wowote.

Nikamwambia atafute kile kiambatisho chenye sahihi ya mwenyekiti wa zamani. Alikuwa nacho. Wiki ile tuliandika barua nyingine, fupi zaidi.